Dawa za maumivu kwa mbwa: figo, na siku za kupisha unapobadili dawa

Mwalimu, mbwa anaumwa nyonga. Dawa ya nyonga inafikaje kudhuru figo?

Kinachozuiwa ni kitu kimoja kilichopo sehemu zote mbili. Dawa za maumivu na uvimbe zisizo za steroidi, kama meloksikamu, karprofeni na firokoksibu, huzuia kimeng'enya cha sikloksijenasi, na kwa njia hiyo hupunguza prostaglandini. Kwenye kiungo kilichovimba, prostaglandini hukoleza maumivu. Kwenye figo, hutanua mshipa mdogo unaoingiza damu katika chujio. Mbwa mwenye maji ya kutosha mwilini na shinikizo zuri la damu hategemei sana prostaglandini hizo, ndiyo maana wengi hunywa dawa hizi kwa miezi bila figo kulalamika.

Mambo hugeuka mbwa anapotapika, anapoharisha, anapopoteza damu au anapolazwa kwa nusukaputi. Hapo mwili hubana mishipa ili ubongo na moyo visikose damu, na figo nazo hujitetea kwa kutoa prostaglandini nyingi zaidi ili ule mshipa wa kuingilia usifunge. Ikiwa kidonge kimekwisha kuziondoa, mshipa hubana bila kitu cha kuuzuia, uchujaji hushuka, na seli za ndani ya figo, ambazo hata siku za kawaida hupata oksijeni kidogo, huanza kufa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ni dawa gani, uliza kwanza mbwa huyu ana maji kiasi gani mwilini leo.

Lakini zipo dawa zinazochagua aina ya pili tu ya kimeng'enya hicho. Hizo si salama kwa figo?

Hapana. Nafuu yake iko tumboni zaidi. Tulizoea kufundishwa kwamba aina ya kwanza hulinda mwili na aina ya pili huja na ugonjwa, lakini figo ya mbwa haifuati mgawanyo huo: aina ya pili imo ndani yake hata akiwa mzima, tena huongezeka anapopungukiwa na maji. Dawa inayoichagua huizuia pale pale inapohitajika.

Nitatambuaje kwamba figo zimeguswa, kabla hali haijawa mbaya?

Usiisubiri kreatinini, taka ya misuli inayopimwa kwenye damu na ambayo figo huichuja. Kwa kawaida hupanda wazi wakati takribani robo tatu ya uwezo wa kuchuja imepotea. Sikiliza mwenye mbwa anaposema bakuli la maji linajazwa mara nyingi kuliko zamani au mbwa ameanza kukojoa ndani, kisha weka tone la mkojo kwenye refraktomita, kifaa kinachopima ukolevu wake. Mbwa aliyepungukiwa na maji, mwenye figo nzima, hukaza mkojo hadi ukapita 1.030. Ukiona ufizi unanata na ngozi ya mgongoni inachelewa kurudi ukiivuta, halafu refraktomita inasoma 1.012, figo imeshindwa kazi yake hata kama kreatinini bado iko ndani ya kiwango. Chukua mkojo huo kabla hujaanza dripu, kwa sababu dripu huupunguza makali na kipimo hakitakuambia kitu tena.

Siku za kupisha, kati ya kuacha dawa moja ya kundi hili na kuanza nyingine, ni ngapi? Kila kitabu kina namba yake.

Vinatofautiana kwa sababu majaribio yaliyopima jambo hili kwa mbwa ni machache, na namba nyingi zimetokana na tahadhari. Badala ya kukariri, hesabu mambo mawili.

La kwanza ni muda wa dawa kutoka mwilini. Nusu-uhai ni muda ambao kiasi cha dawa katika damu hupungua kwa nusu, na baada ya vipindi 5 hivyo hubaki asilimia 3 hivi. Nusu-uhai ya karprofeni kwa mbwa ni kama saa 8, kwa hiyo saa 40 zinatosha. Ya meloksikamu ni kama saa 24, hivyo ni siku 5. Mavakoksibu hukaa mwilini kwa wiki nyingi, na maelekezo yake hukataza dawa nyingine ya kundi hili ndani ya mwezi mmoja tangu dozi ya mwisho.

La pili ni muda wa kidonda kupona, na hili wanafunzi wengi hulisahau. Dawa inaweza kuwa imekwisha kutoka huku utando wa tumbo au figo bado vina jeraha. Ndiyo maana sababu ya kubadili ina uzito kuliko jina la dawa. Kama mbwa ni mzima na tatizo ni kwamba dawa haimtoshi, waganga wengi huridhika na siku moja kwa dawa fupi kama karprofeni, na siku 5 hadi 7 kwa meloksikamu. Kama ametapika, ameharisha damu au kipimo cha figo kimebadilika, hakuna kubadili mpaka hali hiyo iishe na vipimo virudi. Aspirini ina lake: hukifunga kimeng'enya bila kukiachia tena, na tumbo lililoizoea hujilinda kwa kemikali ambayo hutegemea aina ya pili, hivyo kuweka dawa nyingine juu yake ni kuubomoa ulinzi huo. Ipe siku 7 hadi 10. Prednisoloni, ambayo ni steroidi, nayo haichanganywi na dawa hizi.

Tupe mfano mmoja tuufanyie hesabu.

Chukua mbwa jike wa kilo 30, miaka 10, mwenye baridi yabisi ya nyonga. Anapewa meloksikamu ya maji yenye miligramu 1.5 kwa mililita. Dozi ya kuendelea ni miligramu 0.1 kwa kilo, yaani miligramu 3, sawa na mililita 2 kila siku. Mwenye mbwa anasema bado anachechemea, anaomba karprofeni. Ukimhoji kwa upole anaeleza kwamba juzi alimwongezea diklofenaki ya watu iliyokuwa nyumbani, nayo ni ya kundi hili hili, na tangu jana mbwa hali na ametapika mara tatu.

Ufizi unanata, unakadiria upungufu wa maji wa asilimia 6. Mkojo unasoma 1.014 na kreatinini ni mikromoli 190 kwa lita, wakati hapo awali ilikuwa 95. Swali la karprofeni limekwisha hapo. Unasimamisha dawa zote za kundi hili na kurudisha maji: kilo 30 mara 0.06 ni lita 1.8 za kufidia, juu ya mahitaji ya kawaida ya siku na yale anayoendelea kutapika. Unafuatilia mkojo unaotoka. Usipotoka, usiendelee kumjaza maji. Maumivu yake hayaachwi hivi hivi. Gabapentini inafaa, ila kwa dozi iliyopunguzwa kwa sababu hutolewa na figo hizo hizo, na ini likiwa zima unaweza kutumia parasetamoli, miligramu 10 kwa kilo (kwa paka, kamwe).

Siku 5 za meloksikamu zitapita akiwa bado kwenye matibabu, na hazitakupa ruhusa ya chochote. Utapima tena kreatinini na mkojo baada ya wiki moja, kisha baada ya wiki kadhaa nyingine. Mkojo usiporudi kukaza, mbwa huyu hatarudishiwa dawa ya kundi hili, na hilo liandikwe kwa herufi kubwa kwenye jalada lake, ili mganga mwingine atakayemwona akichechemea alione kabla hajaandika dozi.