Neno moja au mawili? Nafasi inayobadilisha maana ya ujumbe wa kazini

Malalamiko kuhusu matangazo ya ndani yaliyoandikwa kwa Kiingereza yamezidi kufika katika kitengo chetu cha lugha. Mengi hayahusu msamiati mgumu. Yanahusu nafasi kati ya maneno mawili: imewekwa pasipotakiwa, au imeachwa panapotakiwa. Makala haya yanashughulikia jozi tatu zinazorudi mara kwa mara: "everyday" na "every day", "maybe" na "may be", "into" na "in to". Tutaanza na ujumbe mmoja uliokusanya makosa yote, kisha tuuchambue hatua kwa hatua.

> Dear all, please login to the portal everyday before 10:00 and hand the signed form into your supervisor. The system maybe slow on Friday. May be for two hours. Leave forms maybe submitted until 16:00. Staff who come into collect badges should use the side door.

Kuna makosa saba hapo. Kikagua tahajia hakitapiga mstari chini ya hata moja, kwa sababu kazi yake ni kuangalia kama neno lipo katika kamusi, na "everyday", "maybe", "into" na "login" yote yapo. Kikagua sarufi hunasa baadhi na kuyaacha mengine. Kwa hiyo utetezi wa "kompyuta haikuonyesha kosa" hauna uzito, na tungeomba usiendelee kuletwa.

Tuanze na "everyday". Hapa mwandishi wa Kiswahili ana kipimo kizuri mkononi, nacho ni kile kiunganishi cha "-a". Tunasema "ninafika kila siku", lakini tunasema "nguo za kila siku". Katika sentensi ya kwanza, "kila siku" inaeleza tendo linafanyika lini, na haihitaji kiunganishi. Katika ya pili inaeleza nomino, na lazima ipitie "za". Kiingereza hakina kiunganishi hicho, kwa hiyo tofauti ileile huonyeshwa kwa kuunganisha maneno. Pasipo "-a", andika maneno mawili: "I report every day." Palipo na "-a", neno moja linawezekana: "everyday clothes."

Tumesema linawezekana, hatukusema ni lazima. Hapa ndipo hata wenye Kiingereza kizuri huteleza. "Everyday" maana yake hasa ni "ya kawaida, isiyo ya pekee". Haina maana ya "inayotolewa kila siku". Ukitafsiri "ripoti ya kila siku" kuwa "everyday report", msomaji ataelewa ripoti ya kawaida tu, isiyo na lolote la maana. Ripoti inayoandikwa kila siku ni "daily report". Basi ukikuta "-a kila siku", jiulize swali la pili: ninamaanisha ya kawaida, au inayojirudia kila siku? Jibu la kwanza ni "everyday", la pili ni "daily".

Kwa anayetaka uthibitisho zaidi, ingiza neno "single" katikati. "Every single day" ikikubali, ni maneno mawili. Katika ujumbe wetu, "log in every single day before 10:00" inakubali bila shida, hivyo "everyday" ni kosa. Hata sikio husaidia: katika "everyday" mkazo mkuu huangukia mwanzoni, na katika "every day" neno "day" nalo hupata mkazo wake.

"Maybe" na "may be" ni habari nyingine, kwa sababu hapa Kiswahili kinaweza kutudanganya. Neno letu "huenda" linabeba zote mbili. "Huenda mfumo ukawa polepole" inaweza kuwa "Maybe the system will be slow" au "The system may be slow", na zote ni sahihi. Anayetegemea tafsiri peke yake hatapata jibu.

Kipimo cha kuaminika ni kufuta. Futa neno lenyewe, kisha soma kilichobaki. "Maybe" ni kielezi, kama "labda". Ukiitoa, sentensi inabaki na kitenzi chake na inasimama. "May be" ndiyo kitenzi. Ukiitoa, sentensi inaanguka. Chukua "The system maybe slow on Friday". Futa, inabaki "The system slow on Friday". Hakuna kitenzi. Kwa hiyo palihitajika "may be". Sasa chukua "May be for two hours". Mwandishi alitaka kusema "labda kwa saa mbili", yaani kielezi, na kilichotakiwa ni "maybe". Zaidi ya hapo, nukta aliyoweka imekikata kipande hicho kutoka kwenye sentensi yake. Palitosha mkato.

Kosa linalotutia wasiwasi kuliko yote katika ujumbe ule ni "Leave forms maybe submitted until 16:00". Katika matangazo ya kazini, "may be" mara nyingi si ya kubahatisha. Ni ya ruhusa. "Leave forms may be submitted until 16:00" inatoa haki: fomu za likizo zinaruhusiwa kuwasilishwa hadi muda huo. Ukiunganisha maneno, ruhusa inapotea, na kinachobaki kinasomeka kama mtu anayejiuliza kama fomu ziliwasilishwa. Mfanyakazi aliyeleta fomu yake saa kumi kasoro dakika tano alasiri akakataliwa hana sentensi kamili ya kuitegemea. Ndiyo maana hatukubali hoja ya kwamba "maana inaeleweka tu". Inaeleweka kwa aliyeandika. Kwa anayetafuta haki yake ndani ya maneno hayo, haieleweki vya kutosha.

Inafaa kuongeza kwamba "may be" hiyohiyo, hata ikiandikwa sahihi, ina utata wake: "Staff may be moved to the second floor" inaweza kuwa ruhusa au uwezekano. Unapotoa ruhusa na unataka isibishaniwe, andika "are allowed to". Unapobashiri, andika "might be". Tunapendekeza hivyo katika kila tangazo linalogusa muda wa mwisho, malipo au likizo.

Sasa "into". Neno hili moja hubeba maana mbili kuu. Ya kwanza ni kuingia mahali, ile ambayo Kiswahili hueleza kwa "ndani ya" au kwa kiambishi "-ni": "She walked into the office", aliingia ofisini. Ya pili ni kugeuka kuwa kitu kingine: "Turn the file into a PDF", geuza faili liwe PDF.

"In to" hutokea pale "in" inapokuwa mali ya kitenzi kilichotangulia, na "to" inaanza kazi yake yenyewe. Vitenzi vya ofisini vya namna hiyo ni vichache na vinajulikana: "hand in", "turn in", "log in", "call in", "come in", "step in". Baada yake, "to" huelekea moja ya sehemu mbili. Ama inamwelekea mpokeaji, ambapo Kiswahili kingetumia "kwa": "hand the form in to your supervisor", kabidhi fomu kwa msimamizi wako. Ama inaanzisha kitenzi kingine, ambapo Kiswahili kina "ku-" au "ili": "come in to collect badges", kuingia kuchukua beji. Kwa hali hii ya pili kanuni ni fupi: kinachofuata kikiwa kitenzi katika umbo lake la msingi, kama "collect", "sign" au "ask", andika "in to". "Come into collect" haiwezi kuwa sahihi kamwe.

Hali ya kwanza ndiyo yenye hatari, kwa sababu kosa huzaa sentensi yenye maana kamili lakini ya ajabu. "Please turn your old badge in to reception" inamwagiza mfanyakazi arudishe beji yake mapokezi. "Please turn your old badge into reception" inamwagiza aigeuze beji iwe mapokezi. Kitenzi "turn" ndicho kinachodai uangalifu zaidi, kwa kuwa kina maana zote mbili. Njia salama ni kukikwepa: "return your old badge to reception", "submit the form to your supervisor". Hapo "in" haipo na shaka imekwisha.

Kuhusu "log in to", kuna jambo la kutenganisha. Kitenzi ni maneno mawili, "log in". Nomino ni neno moja, "login", yaani taarifa za kuingilia au kitendo chenyewe. "Please login to the portal" inatumia nomino mahali pa kitenzi, na hilo tunalisahihisha kila mara. Jaribu kuliweka katika wakati uliopita: watu husema "logged in", hakuna asemaye "loginned". Ama "log into the portal", wapo waandishi wengi wanaoitumia, na miongozo haikubaliani. Sisi tunaandika "log in to" katika nyaraka zetu, lakini hatumrudishii mtu rasimu kwa sababu ya "log into", ilimradi asichanganye zote mbili katika waraka mmoja.

Ujumbe wetu ukisharekebishwa unasomeka hivi:

> Dear all, please log in to the portal every day before 10:00 and hand the signed form in to your supervisor. The system may be slow on Friday, maybe for two hours. Leave forms may be submitted until 16:00. Staff who come in to collect badges should use the side door.

Wapo wanaotuandikia kwamba tofauti hizi ni za Kiingereza cha Uingereza na kwamba Marekani huandika vingine. Sivyo. Jozi zote tatu hutofautishwa kwa namna ileile pande zote mbili.

Utaratibu wa kukagua kabla ya kutuma ni huu. Fungua kisanduku cha kutafutia kwa Ctrl+F, au Command+F kwenye Mac. Tafuta "everyday", kisha "maybe", kisha "may be", kisha "into", kisha "login". Katika kila mahali panapojitokeza, tumia kipimo chake: "single" kwa ya kwanza, kufuta kwa ya pili na ya tatu, na kwa "into" jiulize kama ni ndani, ni kugeuka, ni kwa mtu fulani, au ni kitenzi kinachofuata. Usitumie amri ya kubadilisha yote kwa mpigo, kwani itaharibu zile zilizokuwa sahihi. Kisha tafuta "every day" na "in to" nazo, kwa maana kuna wanaotenganisha kila kitu kwa hofu na kuishia na "every day clothes" au "walked in to the wall".

Kwa tangazo lililokwisha kutumwa, si kila kosa linahitaji tangazo jipya. "Everyday" badala ya "every day" katika salamu au maelezo ya jumla hurekebishwa kwenye nakala ya kumbukumbu, basi. Lakini kosa likigusa ruhusa, muda wa mwisho au mahali pa kuwasilisha kitu, tangazo hutolewa upya kwa namba ileile ya kumbukumbu, kichwa chake kikianza na neno "Corrected", na sentensi iliyobadilishwa ikitajwa juu kabisa. Ufafanuzi wa mdomo hautoshi, hata kama wote waliokuwepo waliusikia. Na aliyefuata tangazo la awali kwa nia njema kabla ya masahihisho kutoka asihesabiwe kuwa amekiuka. Fomu yake ipokelewe, na muda alioileta uandikwe juu yake.