Umezima upakuaji, sasa umemzuia nani?

"Kaka, si nilishazima? Sasa wameitoaje?"

Aliyeuliza ni mteja wangu, dada wa Magomeni anayepika na kuuza mkate wa kumimina. Video yake ya sekunde 48, ile anayogeuza sufuria na mkate unatoka mzima bila kushika, ilikuwa inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp bila jina lake. Na kweli alikuwa amezima upakuaji kwenye TikTok. Nilimwonyesha mwenyewe mwaka jana, kwa shingo upande, baada ya kunisumbua wiki nzima.

Swali hili nimeshaulizwa na fundi cherehani, na kinyozi, na mchungaji mmoja. Naliandika hapa ili wa kesho nimtumie linki.

Nazungumzia TikTok, kwa sababu ndiko malalamiko yanakotoka. Swichi yenyewe iko `Settings and privacy`, kisha `Privacy`, kisha `Downloads`, halafu `Video downloads`. Ukiizima, mtu mwingine akibonyeza mshale wa kushea kwenye video yako, hakioni tena kitufe cha `Save video`. Basi. Kazi ya swichi imeishia hapo: imeondoa kitufe kimoja kwenye menyu. Video haijafungiwa kabatini. Ili mtu aitazame ni lazima imfikie kwenye simu yake, na ikishamfikia kuna njia nyingine za kuibakiza. Zile nakala zilizopakuliwa kabla hujazima nazo hazirudi nyumbani, ziko kwenye simu za watu na zitaendelea kutembea.

Hilo wengi hulikubali nikiwaeleza mara moja. Linalonichosha ni la pili, na hapa naomba mnivumilie maana nitakaa sana.

Fungua video yako yoyote ndani ya TikTok uitazame vizuri. Jina lako liko chini kushoto, sivyo? Lile jina halimo kwenye video. Programu inaliandika juu ya picha wakati wa kutazama, kama vile inavyoandika idadi ya laiki na komenti. Video yenyewe chini yake ni safi, haina hata nembo. Sasa mtu akibonyeza `Save video`, anachopewa si ile aliyokuwa akiitazama. Anapewa nakala nyingine, ambayo nembo ya TikTok na jina la akaunti yako lenye `@` vimechorwa ndani ya picha, pikseli kwa pikseli, vinarukaruka kutoka kona moja kwenda nyingine, na mwishoni kuna kipande kifupi kinachoonyesha nembo na jina tena. Hiyo ndiyo alama maji, au wotamaki kama mnavyoiita. Inaruka makusudi, kwa sababu ingekaa kona moja mtu angeikata mara moja au angeipaka ukungu akamaliza.

Kwa hiyo kile kitufe ulichokizima ndicho mlango ambao kila anayepita anavalishwa fulana yenye jina lako. Milango mingine yote, ile ambayo swichi yako haiifikii, watu wanatoka bila fulana.

Fikiria nani hasa hubonyeza `Save video`. Ni shangazi anayetaka kuweka mkate wako kwenye stetasi. Ni mdogo wako Muscat anayetaka kumtumia mwenzake. Hawa hawana nia mbaya, wamebonyeza kitufe kilichokuwa karibu na kidole. Mwizi wa video hafanyi hivyo hata siku moja, kwa sababu nakala yenye jina lako haimfai. Yeye anarekodi skrini, au ananakili linki na kuibandika kwenye tovuti ya kuvuta video, na ile tovuti inamletea nakala safi. Umezima, shangazi kakwama. Mwizi hata hajajua kwamba umezima.

Na shangazi naye akikwama haachi. Anarekodi skrini.

Turudi Magomeni. Dada alinitumia nakala tatu alizokutana nazo, nikakaa nazo jioni moja. Ya kwanza ilikuwa na mstari wa betri juu kabisa, asilimia 17, saa 2:14, na moyo wa laiki pembeni kulia. Hiyo ni skrini iliyorekodiwa. Jina lake lingeonekana pale chini, ila aliyerekodi aliikata sehemu ya chini ili kuondoa vitufe, na jina likaondoka navyo. Sidhani hata alikusudia.

Ya pili ilikuwa safi kabisa, kali, bila betri wala moyo wala nembo. Hiyo imevutwa kwa linki, na ndiyo iliyopandishwa upya kwenye akaunti ya mtu mwingine. Hapa pana kichekesho kichungu: yule mtu yeye hakuzima upakuaji. Kwa hiyo kila aliyeipakua kwake alipata mkate wa dada wa Magomeni ukiwa na `@` ya mwizi, umechorwa rasmi na TikTok yenyewe. Alama maji haichunguzi nani alisimama jikoni. Inaandika jina la akaunti iliyopandisha, basi.

Ya tatu ndiyo iliyomshangaza. Ilikuwa na jina lake, lakini la zamani. Alibadilisha jina la akaunti baada ya kuolewa, na TikTok inaruhusu hivyo mara moja kila siku 30. Nakala zilizopakuliwa kabla hazijui habari za ndoa, kwa kuwa zile herufi ni rangi iliyokauka kwenye picha na haziwezi kusahihishwa. Anayelitafuta lile jina leo hafiki kwake. Kama unabadilisha jina kila ukiamka na wazo jipya, ujue kila mara unaacha nyuma kundi la nakala zinazoelekeza watu kwenye nyumba uliyohama.

Angalieni tena: kati ya nakala tatu, moja tu ilikuwa imebeba jina lolote linalomhusu, nayo ni ile iliyopakuliwa kwa kitufe kabla hajakizima.

Sasa msikimbilie kunisifia alama ya TikTok kama ngao, maana huo ni upotofu wa upande wa pili na nao unanikera. Alama ile inaishi kwenye kona, na kona ndizo za kwanza kukatwa. Video ya kawaida ya simu ina upana wa pikseli 1080 na urefu wa 1920. Mtu akiikata iwe mraba inabaki 1080 kwa 1080, maana yake pikseli 420 zimeondoka juu na 420 chini, na nembo iliyojificha huko imekwenda nazo. Akiikata kwa umbo la nne kwa tano inabaki 1350 ya urefu, zimeondoka 285 kila upande. Na video ikipita WhatsApp mara kadhaa inabanwa kila mara, hadi herufi ndogo nyeupe zinaanza kuonekana kama unga uliomwagika.

Ndiyo maana wateja wangu nawawekea alama yao wenyewe kabla ya kupandisha, na naiweka katikati kwa upana, chini kidogo ya nusu ya urefu. Nachora maandishi meupe yenye kivuli chembamba cheusi, upana wa pikseli 300 hivi, naihifadhi kama picha isiyo na usuli, kisha kwenye kompyuta naiweka juu ya video kwa ffmpeg, programu ya kuhariri video kwa kuandika amri:

```
ffmpeg -i mkate.mp4 -i alama.png -filter_complex "overlay=(W-w)/2:H*0.62" -c:a copy tayari.mp4
```

`H` ni urefu wa video, kwa hiyo alama inaanzia kwenye pikseli ya 1190 kutoka juu. Mraba wa katikati unaanzia 420 hadi 1500, hivyo hata mtu akikata mraba, alama imo. Pia iko juu ya maelezo na mbali na vitufe vya kulia, ambavyo vingeifunika ndani ya TikTok yenyewe. Huna kompyuta? Programu yoyote ya kuhariri kwenye simu inayokubali kuweka picha juu ya video inatosha, sehemu ni ileile. Kwa anayeuza kitu naweka na namba ya simu ya biashara, kwa sababu kwenye grupu la WhatsApp `@` haibonyezeki lakini namba inapigika.

Niseme ukweli, hapa sina uhakika kama nawatendea haki wateja wote. Alama katikati ya picha inachafua picha. Kuna video nimeziharibu kwa kuogopa wezi ambao huenda wasingekuja kamwe, na fundi cherehani wangu mmoja alikataa katakata, akasema nguo zake zinaonekana kama zimepigwa muhuri wa bandari. Siku hizi naipunguza ukali hadi isomeke kwa anayeitafuta tu, ila najua alama hafifu hufa haraka ikibanwa. Bado navutana na hilo kila kazi.

Haraka haraka mengine. Ukitaka video hiyohiyo iende Instagram, usiipakue TikTok, tumia faili lako la asili. Tangu Februari 2021 Instagram ilitangaza kwamba riilizi zenye nembo za programu nyingine zitapunguziwa nafasi ya kuonyeshwa kwa watu wapya. Usifute faili la asili, jamani, nimechoka kuokoa video za watu kutoka kwenye WhatsApp zao wenyewe.

Na kuna wakati nazima bila kubishana: mtoto akiwemo kwenye picha. TikTok yenyewe imezuia upakuaji wa video za walio chini ya miaka 16, na wa miaka 16 na 17 wanaanza na swichi ikiwa imezimwa. Lakini kwa mtoto hata kuzima naona ni kidogo, nashauri akaunti iwe ya faragha au video isipandishwe kabisa, kwa sababu ileile: swichi haimzuii anayerekodi skrini.

Dada wa Magomeni aliwasha tena upakuaji, shingo upande safari hii ikawa yake. Tukapandisha video mpya ikiwa na jina na namba chini ya sufuria. Wiki iliyopita shangazi yangu, asiyejua kabisa kazi yangu, alinitumia video hiyo kwenye WhatsApp na ujumbe: "Mwanangu, mwambie mkeo ajifunze huu mkate." Kona ya juu kulia palikuwa na `@` ya yule mwizi wa mwanzo. Katikati, chini ya sufuria, namba ya Magomeni bado inasomeka.