Ujumbe wa kukumbusha miadi: dhana potofu na ukweli wake

Maelezo haya yanahusu kliniki ya meno, ambako kiti kikikaa kitupu kwa nusu saa, nusu hiyo hairudi tena, na mgonjwa mwingine mwenye maumivu huwa amekwisha kuambiwa kwamba nafasi zimejaa.

Dhana: Watu hukosa miadi kwa sababu wamesahau, hivyo ujumbe mmoja wa jana yake unatosha.

Kusahau ni sababu mojawapo tu. Utafiti uliofanyika Kisumu na kuchapishwa mwaka 2012 uliwafuatilia wanaume waliotakiwa kurudi kliniki baada ya kutahiriwa. Miongoni mwa waliotumiwa SMS, asilimia 34.6 hawakurudi, na miongoni mwa wasiotumiwa, asilimia 40.3. Ujumbe ulisaidia, lakini zaidi ya theluthi moja ya waliokumbushwa hawakuonekana, na waliohitaji nauli kubwa zaidi walielekea kukosa. Mtu asiye na nauli hakusahau kitu. Anachohitaji ni njia rahisi ya kuomba siku nyingine kabla muda haujapita.

Kwa hiyo ratiba hupangwa kwa kuuliza pia iwapo mapokezi watapata muda wa kumpa mtu mwingine nafasi iliyoachwa. Tuchukue miadi ya Jumanne saa 3 asubuhi. Siku 3 kabla ni Jumamosi, siku ambayo huenda hakuna wa kusoma majibu. Basi ujumbe wa kwanza utoke Ijumaa asubuhi, ili atakayeomba kubadilishiwa ajibiwe siku hiyohiyo na nafasi yake apewe aliye kwenye orodha ya kusubiri. Ujumbe wa pili utoke Jumatatu saa 4 asubuhi, na yeyote ambaye hadi alasiri hajajibu hata mmoja apigiwe simu. Wito huo wa simu hugharimu muda wa mhudumu, ndiyo maana unabakizwa kwa wachache walionyamaza.

Dhana: Kadiri ujumbe unavyokuwa mwingi, ndivyo watu wanavyohudhuria.

Utafiti mwingine wa Kenya, uliochapishwa mwaka 2011, ulihusu umezaji wa dawa za kupunguza makali ya VVU, si miadi, lakini funzo lake linafaa hapa: ujumbe wa kila wiki ulisaidia, ilhali ule wa kila siku haukuonyesha manufaa hayo. Ujumbe unaokuja kila mara huacha kusomwa. Kwa miadi ya kawaida, miwili inatosha.

Dhana: Maneno yoyote yanafaa mradi tarehe ipo.

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, na ndipo marekebisho yanapogharimu kidogo kuliko kwingine. Katika hospitali za Barts Health za London, majaribio yaliyochapishwa mwaka 2015 yalibadilisha maneno tu: ujumbe wa kawaida uliacha asilimia 11.1 ya wagonjwa bila kuhudhuria, na ule uliotaja kuwa kukosa miadi kunaigharimu huduma ya afya ya serikali takriban pauni 160 uliishusha hadi asilimia 8.4. Sipendekezi kunakili sentensi hiyo katika kliniki ambako mgonjwa hujilipia mwenyewe, kwa kuwa gharama ya serikali haitamgusa. Kwake, huu unafaa zaidi:

```
Bi. Asha, miadi yako ni Jumanne tarehe 14, saa 3:00 asubuhi, kliniki ya meno. Jibu 1 kama utakuja, 2 kama unahitaji siku nyingine.
```

Saa imeandikwa kwa namna tunavyoitamka, pamoja na neno "asubuhi". Mfumo unaojaza "09:00" wenyewe unaweza kumleta mtu saa 9 alasiri. Tiba nayo haikutajwa, kwa sababu simu nyingi hushikwa na zaidi ya mtu mmoja nyumbani.

Ujumbe huu haufiki herufi 160, yaani kikomo cha SMS moja. Ukiandika "kung'oa" kwa alama iliyopinda ya ’, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe badala ya ' iliyonyooka, kikomo hushuka hadi herufi 70, na ujumbe uleule hulipiwa kama miwili au zaidi. Vilevile, ujumbe unaotoka kwa jina la kliniki badala ya namba kwa kawaida haujibiki: mgonjwa ataandika 2, jibu halitafika, naye ataamini ameshatoa taarifa. Jaribu kwa simu yako kabla ya kuuanzisha.

Dhana: Barua pepe ni bure, kwa hiyo ichukue nafasi ya SMS.

Barua pepe inahitaji data na mtu wa kuifungua, na huweza kuangukia kwenye folda ya taka. SMS hufika hata kwenye simu ya vitufe. Ipe barua pepe kazi inayoiweza: kutuma maelekezo marefu, ramani na fomu za bima siku miadi inapowekwa.

Katika kupima mafanikio, hesabu kando waliohamisha miadi mapema na waliopotea bila taarifa. Ratiba nzuri inaweza kuongeza kundi la kwanza huku ikipunguza la pili, na anayeyajumlisha atadhani hakuna kilichobadilika.