Je, rangi zangu zinaweza kuwa kinyume cha zako?

"Huenda manjano yangu ni buluu yako, na hakuna atakayejua kamwe."

Mwanafalsafa Mwingereza John Locke alilijadili wazo la namna hii mwaka 1690, na wengi bado huamini halipimiki. Kwa rangi hizi mbili, linapimika. Manjano iliyokolea kabisa ni rangi angavu, jirani ya nyeupe. Buluu iliyokolea ni ya giza, jirani ya nyeusi. Mpe mtu vitambaa vya rangi hizo na vipande vya kijivu, achague kijivu kinacholingana na kila kitambaa kwa mwangaza. Aliyegeuziwa rangi hizi pamoja na mwangaza wake, huku kijivu akikiona kama sisi, ataipa manjano kijivu cha giza, na hapo atajulikana.

Tuseme mwangaza wake haukuguswa. Bado buluu ikitiwa giza hubaki buluu, lakini manjano ikitiwa giza huelekea kahawia, ambayo wengi wetu huiona kama rangi nyingine. Basi kitambaa cha buluu kinapozidi giza, yeye ataona rangi mpya imeingia pale ambapo sisi tunaona ileile.

Ugeuzaji unaohifadhi mahusiano yote ya rangi, kama upo, hauwezi kunaswa kwa majaribio haya. Huo ndio ugumu halisi, nao ni finyu kuliko unavyosimuliwa.