Taarifa ya kikao kwa mfadhili ni nini?

Mradi unaoendeshwa kwa ruzuku huwa na vikao vya kamati ya usimamizi, mara nyingi kila robo mwaka. Baada ya kikao huandikwa karatasi mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni muhtasari, unaobaki ofisini na kueleza nani alisema nini. Ya pili ni taarifa ya kikao kwa mfadhili. Hii haihitaji kueleza mjadala ulivyokwenda. Inajibu maswali matatu: tumekubaliana mradi utazalisha nini, bajeti imebadilika wapi, na nani ametoa idhini, lini, kwa mamlaka gani.

Msomaji wake wa kwanza ni afisa programu wa mfadhili, lakini msomaji anayeipima neno kwa neno ni mkaguzi wa hesabu. Huyo huja mwaka mmodi au miwili baadaye, hakuwepo kikaoni, na waliokuwepo pengine wamekwishahama kazi. Mbele yake ana risiti ya malipo, na anachotafuta ni sentensi inayoonyesha kwamba malipo yale yaliruhusiwa siku yalipofanyika.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mradi wa maji vijijini una bajeti ya shilingi milioni 400. Humo fungu la uchimbaji lina milioni 180, yaani visima 12 kwa milioni 15 kila kimoja. Fungu la mafunzo lina milioni 60, kwa kamati za maji za vijiji 12, siku tano kila kijiji, shilingi milioni moja kwa siku. Mkataba wa ruzuku unasema uhamisho unaozidi asilimia 10 ya fungu lolote unahitaji idhini ya maandishi kabla ya fedha kutumika. Zabuni zinapofunguliwa, bei ya chini kabisa ya kisima ni milioni 17. Kwa visima 12, fungu linapungukiwa milioni 24.

Kamati inakaa tarehe 14 Machi na kuamua visima vibaki 12, pengo lizibwe kutoka kwenye mafunzo. Taarifa dhaifu ingeandika hivi: “Kikao kilikubali bajeti irekebishwe ili kukidhi mabadiliko ya bei.” Nimesoma sentensi za namna hii mara nyingi, na kusema kweli nimewahi kuziandika. Hazina kosa la lugha, ila hazimwambii mtu chochote.

Taarifa inayofaa huanzia kwenye mazao, yaani vitu vinavyohesabika ambavyo mradi umeahidi kuvikabidhi. Mazao si shughuli. “Kuchimba visima” ni shughuli, ilhali “visima 12 vinavyotoa maji, vimepimwa ubora na kukabidhiwa kwa kamati za vijiji” ni zao. Tofauti hii huonekana kisima kinapochimbwa kikatoka kikavu. Shughuli imefanyika na mchimbaji anadai fedha zake, lakini zao halipo. Kama taarifa haikusema kisima kilichokamilika ni kipi, ubishi huo utaamuliwa na mkaguzi, na ni nadra aamue kwa faida ya mradi.

Katika mfano wetu idadi ya visima haikuguswa, kwa hiyo mwandishi anaweza kudhani mazao yamebaki vilevile. Hayakubaki. Milioni 24 zikitoka kwenye mafunzo zinabaki milioni 36, sawa na milioni tatu kwa kijiji. Mafunzo ya siku tano yamekuwa ya siku tatu. Hilo ni zao lililopungua, na lazima litajwe kwa jina lake pamoja na somo litakaloachwa. Hapa ndipo taarifa nyingi hunyamaza. Jedwali la bajeti linaonyesha fedha zilikohamia, lakini hakuna panaposema kitu gani kilipotea pale zilipotoka.

Jedwali lenyewe linahitaji safu nne tu: kiasi kilichoidhinishwa awali, badiliko, kiasi kipya, na badiliko hilo kwa asilimia ya kiasi cha awali. Uchimbaji unapanda kutoka milioni 180 hadi 204, asilimia 13 na kidogo. Mafunzo yanashuka kutoka milioni 60 hadi 36, asilimia 40. Jumlisha safu ya badiliko, lazima ipatikane sifuri. Isipopatikana, ama kuna fedha zimeongezeka bila mtu kusema, ama kuna fungu limesahauliwa.

Asilimia hupimwa dhidi ya nini? Hapo kila mfadhili ana kanuni zake. Masharti ya kawaida ya ruzuku za Umoja wa Ulaya kwa kazi za nje yameruhusu uhamisho kati ya mafungu makuu hadi asilimia 25 ya kiasi cha awali cha kila fungu linalohusika. Mfadhili anaarifiwa kwa maandishi, bila kurekebisha mkataba. Kwa ruzuku za serikali ya Marekani, kanuni 2 CFR 200.308 inaliruhusu shirika linalotoa fedha kuzuia uhamisho ambao kwa ujumla wake unazidi asilimia 10 ya bajeti nzima, kwa ruzuku zilizo juu ya kiwango fulani. Zingatia maneno “kwa ujumla wake”. Anayehamisha asilimia sita leo na sita miezi mitatu baadaye hajaikwepa asilimia 10, ameivuka kwa hatua mbili. Kwa hiyo taarifa ya kikao cha tatu inabeba pia uhamisho wa kikao cha kwanza na cha pili.

Inabaki idhini, na hapa ndipo fedha hupotea. Tuseme afisa programu alikuwepo tarehe 14 Machi akasema, “Mimi sioni shida.” Mratibu akaandika kwamba mfadhili ameidhinisha. Tarehe 20 Machi mkataba wa mchimbaji ukasainiwa kwa bei mpya, na visima vinne vikalipiwa kabla mwezi haujaisha. Barua ya mfadhili ikaja tarehe 2 Aprili ikikubali mabadiliko “kuanzia tarehe ya barua hii”. Mkaguzi anahesabu visima vinne, kila kimoja na ziada ya milioni mbili, na kuandika milioni nane kuwa gharama zisizokubalika. Shirika linazirudisha kutoka mfukoni mwake.

Kosa halikuwa uamuzi, maana mfadhili aliukubali. Kosa lilikuwa kuchanganya ridhaa ya kikao na idhini ya mwenye mamlaka. Kamati ya usimamizi huridhia na kupendekeza. Anayeidhinisha ni yule aliyetajwa kwenye mkataba wa ruzuku, na mara nyingi si afisa anayekuja vikaoni. Taarifa ya kweli ya siku ile ingesema hivi: “Kamati iliridhia uhamisho wa shilingi milioni 24 kutoka fungu la mafunzo kwenda fungu la uchimbaji. Maombi ya idhini yatatumwa kwa mfadhili kabla ya tarehe 17 Machi. Mkataba wa mchimbaji hautasainiwa hadi majibu yapokewe. Mhusika: mratibu wa mradi.” Na maombi yenyewe yangeomba idhini ianze tarehe 14 Machi, jambo ambalo baadhi ya wafadhili hulikubali likiombwa wazi.

Kuna wanaotuma taarifa, wasipojibiwa wakachukulia ukimya kuwa ni idhini. Hilo linafaa pale tu mkataba unaposema kwamba baada ya siku kadhaa bila pingamizi ombi limekubaliwa. Kama kifungu hicho hakipo, jambo linaandikwa “linasubiri idhini” na linaendelea kuandikwa hivyo katika kila taarifa inayofuata, mpaka namba na tarehe ya barua ya mfadhili ziwekwe mbele yake na nakala ya barua iambatishwe.