Je, Wajua Raundi Moja Tu Yaweza Kugawanya Majaji wa Ndondi?

“Mjomba, wote watatu wameangalia ngumi zile zile. Vipi mmoja aseme kashinda huyu, wa pili aseme yule, na wa tatu aseme sare?”

Mpwa wangu aliniuliza hivyo Jumapili asubuhi, tarehe 2 Desemba 2018, tukiwa kwenye mkahawa mmoja hapa Majengo, Mombasa, mahamri na mbaazi mbele yetu. Kule Los Angeles ilikuwa bado Jumamosi usiku. Deontay Wilder na Tyson Fury walikuwa wamemaliza raundi 12 za kugombea mkanda wa WBC wa uzani mzito, na kadi za majaji zilikuwa zimesomwa: 115-111 kwa Wilder, 114-112 kwa Fury, na ya tatu 113-113. Mkahawa mzima ulipiga kelele za wizi. Mimi nilimwomba mwenye mkahawa kalamu.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba jaji haulizwi nani kashinda pigano. Anaulizwa nani kashinda raundi hii iliyokwisha sasa hivi. Kengele inapolia anaandika alama, kadi inachukuliwa, na raundi ile imefungwa. Hawezi kuirudia baadaye akasema alikosea. Raundi ya pili anaanza upya kama kwamba mabondia ndio kwanza wapande ulingoni. Mwishoni alama zinajumlishwa, na mshindi anatoka kwenye hesabu. Yawezekana kabisa jaji mwenyewe akashangaa kusikia jumla ya kadi yake.

Alama zenyewe zinaandikwa hivi. Aliyeshinda raundi ni lazima apewe 10, na hiyo lazima ndiyo iliyoupa mfumo huu jina lake la Kiingereza, ten-point must. Aliyeshindwa anapewa 9. Jaji akiona hakuna aliyemzidi mwenziwe anaweza kuandika 10-10, lakini majaji wa ndondi za kulipwa hufundishwa waikwepe, wamtafute mshindi hata kama tofauti ni nyembamba kama uzi.

Hapo ndipo mgogoro mwingi unapozaliwa, nami naona hili halielezwi vya kutosha kwenye matangazo. Bondia aliyemzidi mwenziwe kwa ngumi moja nzuri dakika ya mwisho anapata 10-9. Aliyemtwanga mwenziwe dakika zote tatu bila kumwangusha, naye mara nyingi anapata 10-9 hiyo hiyo. Ni kama ligi ya mpira: ushinde 1-0 au 5-0, pointi ni tatu. Kwa hiyo mtazamaji anayebaki na kumbukumbu ya raundi tatu za kipigo kikali anaweza kuapa kuwa bondia wake kashinda, kumbe raundi nyingine zote tisa zilikwenda upande wa pili, polepole, moja baada ya moja.

Kinachovunja usawa huo ni kuangushwa. Bondia akigusa sakafu kwa sehemu yoyote ya mwili isipokuwa nyayo, na iwe ni kwa sababu ya ngumi halali, refa anaanza kumhesabia, na hata akiinuka upesi hesabu lazima ifike nane. Akibaki amesimama kwa sababu kamba tu ndizo zinazomshikilia, hiyo nayo refa anaweza kuihesabu kuwa kuanguka. Akiteleza kwenye maji ya kona au akisukumwa, si kitu. Kumbuka kwamba anayeamua kama ni kuanguka au kuteleza ni refa peke yake. Jaji anaweza kuwa ameona mguu ukiteleza kwa macho yake mawili, lakini refa akihesabu, jaji anaandika kuwa ameanguka.

Raundi yenye kuanguka mara moja kwa kawaida huwa 10-8, na mara mbili huwa 10-7. Kuna raundi ngumu ambapo bondia anatawala dakika mbili na nusu, kisha anapigwa konde moja anakaa chini, anainuka na kuendelea kutawala. Hapo baadhi ya majaji huandika 10-9, kwa kuwa yule mwingine hakufanya kitu kingine chochote. Wengi hushika 10-8.

Sasa turudi kwa kalamu yangu na karatasi ya mahamri. Fury aliangushwa mara mbili usiku ule: raundi ya 9, na raundi ya 12 alipolala chali mpaka tukadhani mambo yamekwisha, kisha akainuka refa Jack Reiss akiwa karibu kumaliza hesabu. Tuzichukue raundi hizo mbili kuwa 10-8 kwa Wilder kwenye kadi zote. Maana yake, kabla ya kuangalia raundi nyingine hata moja, Fury anadaiwa pointi nne.

Zinabaki raundi 10 za kawaida. Kila moja anayoshinda Fury inampunguzia deni pointi moja, na kila anayoshindwa inamwongezea moja. Akishinda tano na kushindwa tano, hakuna kilichosogea: deni ni lile lile nne, na kadi inasoma 115-111 kwa Wilder. Akishinda saba na kushindwa tatu, amelipa nne kamili: 113-113. Akishinda nane, anapata 80 kwa raundi hizo, 18 kwa mbili alizoshindwa, na 16 kwa zile mbili alizoanguka. Jumla 114. Wilder ana 72, na 20, na 20 tena: 112.

Hizo ndizo kadi tatu zilizosomwa. Jaji Alejandro Rochin alimpa Fury raundi tano kati ya 10, Phil Edwards alimpa saba, Robert Tapper nane. Edwards na Tapper walipishana kwa raundi moja tu, ila ukisikia matokeo yakitangazwa, mmoja kasema sare na mwingine kasema Fury, utadhani walikaa kumbi tofauti. Na tazama: majaji wote watatu walikubali kuwa Wilder hakushinda zaidi ya nusu ya raundi zile 10. Makonde mawili yaliyomlaza Fury ndiyo yaliyoiweka kadi ya Wilder hai.

Kila kadi ni kura moja. Ukijumlisha kadi zote tatu, Wilder alikuwa na 340 na Fury 338, lakini jumla hiyo haina kazi popote. Kura moja kwa Wilder, moja kwa Fury, moja haina mshindi: pigano ni sare, na kwa kuwa bingwa hakushindwa, Wilder aliondoka na mkanda wake. Lau Edwards angempa Fury raundi moja zaidi, kadi yake ingekuwa 114-112, nasi tungekuwa na uamuzi wa kugawanyika, majaji wawili kwa Fury na mmoja kwa Wilder. Angempa moja pungufu, uamuzi ungegawanyika vilevile, ila mkanda ungebaki kwa Wilder kwa ushindi. Kwa sababu hiyo hiyo bondia anaweza kupewa 118-110 na jaji mmoja, halafu wawili wakamnyima kwa 115-113, naye akapoteza pigano. Kadi pana haina uzito kuliko kadi nyembamba.

Lakini kwa nini mmoja aone tano na mwingine nane? Majaji hukaa pande tatu tofauti za ulingo, na hilo ni kubwa kuliko tunavyodhani sisi tunaotazama kwa kamera inayozunguka. Ngumi ya kulia iliyotua tumboni jaji wa upande huu anaiona ikizama. Wa upande wa pili anaona mgongo wa bondia, au mgongo wa refa, na anasikia ukumbi ukishangilia kitu ambacho pengine kiligonga kiwiko. Anatakiwa ahesabu alichokiona, si alichokisikia. Kisha kuna mizani yenyewe. Jaji anaangalia ngumi safi zilizotua, mashambulizi yenye matunda, nani anayeuendesha ulingo, na ulinzi. Ngumi safi ndizo kwanza. Lakini mbele ya Wilder anayesonga na kurusha, na Fury anayerudi nyuma, anayumbisha kichwa na kudokoa kwa mkono wa kushoto, majaji wawili waaminifu wanaweza kutofautiana. Mmoja anaona mashambulizi. Mwingine anaona mtu anayepiga hewa. Raundi za namna hiyo zikiwa nne au tano, kadi zitaachana tu. Kwa maoni yangu 115-111 ilikuwa kali kwa Fury, lakini 113-113 naweza kuitetea raundi kwa raundi.

Ukienda kutazama vijana wa ridhaa hapa Mombasa, usiibebe hesabu hii yote. Siku hizi nao hutumia 10 kwa mshindi wa raundi, ila raundi ni tatu, majaji kwa kawaida ni watano, na kuangushwa kwenyewe hakukati pointi. Jaji anaangalia raundi nzima kabla ya kutoa 10-9 au 10-8. Raundi zikiwa tatu, ukipoteza mbili umeshakaribia mlango. Robert Wangila alipotuletea dhahabu Seoul mwaka 1988 alimaliza fainali kwa nokauti raundi ya pili, majaji hawakuhitajika.

Kuna hesabu moja zaidi niliyomwonyesha mpwa wangu baadaye, waliporudiana Las Vegas tarehe 22 Februari 2020. Raundi ya 5 Fury alimwangusha Wilder, kwa hiyo 10-8. Raundi ile ile refa Kenny Bayless alimkata Fury pointi moja kwa makosa. Pointi ya adhabu hutolewa baada ya jaji kuipima raundi, basi 10-8 ikawa 9-8. Ndiyo njia ya mshindi wa raundi kuonekana kwenye kadi bila 10 yake. Wilder alikuwa ameanguka pia raundi ya 3, na baada ya raundi sita kadi mbili zilikuwa 59-52 kwa Fury. Kona ya Wilder ikarusha taulo raundi ya 7.

Mpwa wangu sasa ana daftari. Anazima sauti ya mtangazaji, na anaandika alama kabla kengele ya raundi inayofuata haijalia. Lile pigano la kwanza ameshalipima mara mbili, na kadi zake zimetoka 114-112 na 113-113. Raundi iliyobadilika ni ya 2. Tumeirudia kwenye simu, mimi naiona ya Wilder, yeye siku hizi anaiona ya Fury.