Chati unaisoma vizuri, taa za usiku zinakupofua: angalia lenzi ya jicho kwanza

Madereva wengi wanaokuja kupima macho hapa Mbeya wanaanza hivi hivi, "daktari mchana naona fresh, shida ni taa za siku hizi". Na kweli taa ni tatizo, mtu anafunga LED kwenye Fuso hata hazijarekebishwa zinapiga juu, mwingine hashushi fulu mpaka mmeshapishana. Ila taa hizo hizo zinampiga na mwenzako uliyekaa naye mbele. Kama yeye anarudi kuona haraka na wewe bado uko gizani, na zamani haikuwa hivyo, mi nataka nione jicho lako kabla sijalaumu taa.

Alikuja kaka mmoja, miaka arobaini na kitu, anabeba viazi kutoka Uyole kwenda Dar. Usiku akipishana na semi pale kuelekea Igawa anasema barabara yote inakuwa nyeupe, mstari wa pembeni haupo, anashika usukani kwa kukisia tu mpaka semi ipite. Alishanunua miwani ya njano ya usiku, haikumsaidia, na haiwezi kumsaidia maana ile inapunguza mwanga wote, hata ule mdogo wa kukuonyesha mtu anayetembea pembeni na nguo nyeusi.

Nikampima kwenye chati, kila jicho 6/9. Nchi nyingi kwa leseni ya kawaida zinataka kama 6/12 hivi, yani herufi ambayo mwenye macho mazima anaisoma akiwa mita 12 wewe unaisoma kwenye mita 6, halafu uone na pembeni upana wa kama nyuzi 120, na wa malori na mabasi wanabanwa zaidi ya hapo. Kwa chati peke yake huyu kaka angepita cheti cha leseni ya kawaida bila maswali. Lakini chati unaisoma umekaa umetulia, herufi nyeusi kwenye nyeupe, hakuna taa inayokupiga usoni.

Nikawasha tochi nikaishika pembeni kidogo ya jicho, nikamwambia soma tena. La kulia likashuka mpaka 6/36, la kushoto 6/24. Hapo ndo jibu lilipo.

Nikamwekea matone ya kupanua mboni nikaangalia kwa mashine, ukungu uko nyuma ya lenzi, katikati kabisa. Ni mtoto wa jicho, ila aina ya nyuma ya lenzi, na hii haisubiri uzee. Inawapata sana wenye kisukari na wanaotumia dawa za steroidi muda mrefu. Yeye ana pumu na kwa miaka alikuwa anajinunulia prednisoloni duka la dawa kila kifua kikibana. (Kama na wewe unatumia usiache ghafla, hiyo nayo ni hatari, rudi kwa daktari akupangie.)

Sasa kwa nini taa imuumize hivyo? Ni kama kioo cha gari chenye vumbi, bila taa mbele unaona tu, taa ikikipiga kinang'aa chote. Lenzi yenye ukungu inautawanya ule mwanga unamwagika jicho zima, unafunika vitu hafifu. Na kwa aina hii taa ikikupiga mboni inasinyaa, unabaki unachungulia kupitia pale katikati penye ukungu, ndo maana hata jua la saa sita lilikuwa linamsumbua, ila hakulitaja mpaka nilipomuuliza.

Kwenye 80 kwa saa gari inakula mita 22 kila sekunde. Sekunde tatu za weupe ni mita 66 umeendesha hujaona kitu, na mzigo uko nyuma yako.

Nikamwambia kaka, gari liache leo, usiku na mchana. Iliniuma kumwambia, najua ndo kazi inayolisha nyumba, lakini kumwambia "endesha mchana tu" ningekuwa namdanganya, jua lilikuwa linampofua vile vile. Akafanyiwa operesheni jicho moja kisha la pili, lenzi za bandia zikawekwa, akasubiri wiki kadhaa jicho litulie, akapimwa miwani. Akarudi, tochi nikaiwasha tena na safari hii hakushuka hata mstari mmoja, ndo nikamruhusu, aanze na safari fupi za mchana.

Kuna hali zingine hata tochi sihitaji. Ukianza kuona vitu viwili viwili ghafla, au kama pazia limeshuka upande mmoja wa jicho, paki gari hapo hapo umpe mwingine aendeshe, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Taa zikiwa na pete za rangi huku jicho linauma na kichwa na kichefuchefu, hiyo inaweza kuwa presha ya macho ya ghafla, usisubiri asubuhi. Ile presha ya macho ya polepole ndo mbaya kwa dereva, haiumi, chati unasoma mpaka 6/6 huku pembeni panaliwa, huoni bodaboda inayotokea kushoto, na hiyo haijulikani bila kupimwa uoni wa pembeni.

Ukija kupimwa usije unaendesha mwenyewe, yale matone yanaacha mboni wazi masaa kadhaa na jua la kurudi nyumbani hutaliweza.